Choo cha Wanawake na Siku za Waziri

Mbeti Kiilu hakumficha mtu: katika kiwanda kizima cha peremende, kuanzia langoni mpaka kwenye matangi ya sukari, hakukuwa na mtu aliyekijua kitabu cha mkataba wa chama cha wafanyakazi na kampuni kama yeye, jalada kwa jalada.

"Hasa majalada," angeongeza mwenyewe, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Ya katikati sijayaona. Kitabu kiko nyumbani Maringo, chini ya mguu wa kabati langu, na tangu nikiweke pale vikombe vyangu havijagongana tena."

Alikuwa amechaguliwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa sababu ya sauti yake. Siku ya uchaguzi mashine za kufungia peremende zilikuwa zikinguruma, na ni yeye peke yake aliyesikika akisema hataki. Katibu wa tawi akaliandika jina lake palepale. Miaka sita ikapita akigombania chai isiyo na maziwa na glavu zilizotoboka, mambo ambayo mtu huyamaliza kwa kusimama mbele ya bosi na kukataa kuondoka. Kitabu cha nini tena?

Halafu, mwaka wa themanini na moja, choo cha wanawake kikaziba.

Kilikuwa choo kimoja kwa wanawake zaidi ya hamsini. Mvua za Aprili zilirudisha juu kila kitu kilichokuwa kimepelekwa chini. Maji meusi yakasimama sakafuni, yakafika kizingitini, yakaanza kuitazama stoo ya sukari. Nzi walikuwa wakubwa, wa kijani, wenye afya kuliko wafanyakazi. Walitoka chooni, wakaja kutua juu ya peremende zilizokuwa zikipoa mezani, kisha wakarudi walikotoka, kama watu wa shifti. Na kampuni ikafanya nini? Ikafunga maji ya choo, ikamwaga chokaa kizingitini, na kubandika karatasi ukutani: WANAWAKE WATUMIE BUSARA.

"Hiyo busara iko upande gani?" aliuliza Nduta wa meza ya kufungia, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Mnionyeshe nikachuchumae."

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na harufu. Wengine walijikaza mpaka saa ya kutoka. Wengine waliingia choo cha wanaume, mmoja ndani, mmoja mlangoni akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa ili wanaume wajue. Waliobaki walivuka barabara kwenda kituo cha petroli, ambako kijana wa pampu aliwatazama kama mbuzi walioingia sebuleni.

Aliyevuka kuliko wote ni Khavere. Pale kiwandani hakuna aliyemwita Khavere ila karani wa mishahara. Kwa wengine wote alikuwa Mama Dishon, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa amepata mahali pa kuweka kisigino: juu ya kibofu. Kila alipovuka barabara, msimamizi wao, Munyoki, alitazama saa. Mara ya kwanza akamwandikia barua ya onyo, kuacha kazi bila ruhusa. Wiki mbili baadaye akamwandikia ya pili.

"Ya tatu ni ya kwenda nyumbani," Khavere alimwambia Mbeti wakiwa njiani kutoka kazini, pale wanapovuka reli. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kama wengi kiwandani alimwita Mbeti Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. "Susu, baba Dishon hana kazi tangu Krismasi. Nikienda nyumbani mimi, tunakula nini? Chokaa?"

"Hakuna anayekwenda nyumbani," Mbeti alisema. "Kesho nitamwona Munyoki. Yule ni mtu wetu, mzee wa kanisa. Mama yake nilimjua akiwa na meno."

Munyoki alikuwa Mkamba kama yeye, mtu mpole mwenye koti la kaki na kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna aliyeona zikiandika kitu kizuri. Alimsikiliza Mbeti kichwa akikiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Susu, mimi naona. Pua ninayo."

"Basi futa zile barua, na choo kizibuliwe."

"Mimi ni mtu mdogo. Nipe muda nifikirie."

"Fikiria, mwanangu."

Akafikiria wiki nzima. Kila asubuhi Mbeti alimuuliza, na kila asubuhi Munyoki aliitazama dari, akasema mambo yako njiani. Jumamosi Mbeti akaenda ofisi ya tawi la chama, chumba kimoja juu ya duka la viatu karibu na soko la Burma. Katibu wa tawi, Njogu, alikuwa mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Alimsikiliza, kisha akanyoosha mkono.

"Kitabu kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Kilete."

Mbeti akarudi Maringo, akainua kabati kwa bega, akakivuta. Njogu alipokifungua, kila ukurasa ulikuwa na duara la mguu wa kabati katikati, kama muhuri wa serikali.

"Mama," alisema polepole, "Munyoki alikuwa na siku mbili za kazi. Hii hapa, hatua ya kwanza: mfanyakazi anamwambia msimamizi wake, peke yake au pamoja na mwakilishi, na msimamizi anajibu kwa siku mbili. Wewe umempa wiki."

"Alisema anafikiria."

"Acha afikirie mpaka nywele ziote ulimini. Siku zikiisha na hajajibu, amejibu. Amesema hapana. Wewe unapanda hatua ya pili: unaandika kwa meneja wa wafanyakazi, naye ana siku tano za kazi za kukuita mzungumze na kukujibu. Naye akinyamaza, unaniletea mimi, nakwenda hatua ya tatu kwa wakubwa wa kampuni. Lakini sikiliza hapa." Akagonga ukurasa, palepale kwenye duara. "Kila hatua ikiisha, nanyi mna siku tano za kupanda inayofuata. Msipopanda, lalamiko linahesabiwa limekwisha. Wao wakichelewa, tunapanda. Sisi tukichelewa, tunazikwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na hizi za Munyoki?"

"Bado mko ndani, kwa ukucha. Andika Jumatatu."

Jumatatu Mbeti akaandika, kwa mkono wake, kwa Kiswahili cha shule ya misheni, kwamba Mama Dishon na wenzake wanalalamika juu ya choo, na juu ya barua za onyo zilizotokana na choo hicho. Alimpelekea meneja wa wafanyakazi, Bwana Kabiru, mwenyewe mkononi. Kabiru alikuwa mtu nadhifu wa suti ya rangi ya chai, anayenukia sabuni. Alikuwa na choo chake mwenyewe, chenye ufunguo. Aliipokea barua kwa vidole viwili.

"Nitaishughulikia, mama."

Jumatano, mama yake Kabiru akafariki.

Sasa, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mbeti alifanya kile ambacho kila mwanamke wa mitaa ya Maringo, Jericho na Mbotela angefanya. Aliivua leso yake kichwani, akaizungusha meza kwa meza, na wanawake wakatoa walichokuwa nacho. Hata Khavere alitoa. Mazishi yalikuwa Murang'a, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kampuni ikatoa lori, na wanawake kumi na sita wakapanda, wakaimba njia nzima. Walipofika walivua viatu, wakamenya viazi gunia zima, wakachota maji mtoni, wakapakua chakula cha watu mia tatu. Kabiru alipita akiwashukuru mmoja mmoja. Alimshika Mbeti mikono yote miwili.

"Mama, sitasahau."

Katika siku hizo zote barua ilikuwa imelala, na Mbeti hakuigusa. Utamfuataje mtu mwenye msiba ukimuuliza habari za choo? Kuna aibu ambayo hata katika kitabu cha mkataba haijaandikiwa dawa. Aliacha matanga yaishe, akaacha mwenye msiba anyoe na apumzike, na wiki moja zaidi, kwa heshima. Halafu akabisha hodi ofisini.

Kabiru alikuwa na kitabu kilekile cha mkataba juu ya meza, kipya, kisicho na duara.

"Lile lalamiko," alisema, "limekwisha, mama."

"Mmezibua choo?"

"Hapana. Siku zenu zilipita. Mimi nilikuwa na siku tano, na zilipoisha nanyi mlikuwa na tano za kwenda hatua ya tatu. Hamkwenda. Kitabu kinasema hapa, limehesabiwa limekwisha." Alitabasamu kwa upole, kama daktari. "Ni nyinyi chama mliotia sahihi."

Mbeti alisimama pale akimtazama. Ni kama kwenye kucha zake bado kulikuwa na weusi wa maganda ya viazi vya mama yake huyu mtu. Alihisi kitu kikimpanda kooni, si machozi. Kilikuwa kile kinachopanda mtu akiingia choo cha wanawake bila kuziba pua.

"Bwana Kabiru," alisema, "pole sana kwa mama. Alikuwa mtu mzuri, niliwasikia wakimsifu. Sijui alikutoa wapi wewe."

Njogu aliposikia, alikifunga kile kitabu chenye maduara.

"Ungeniletea barua ile siku tano zilipoisha," alisema, "ningepanda nayo mimi hatua ya tatu huku nyinyi mkimenya viazi vyenu. Kuzika na kulalamika vinaweza kwenda pamoja, mama. Si kazi ya mtu mmoja."

"Basi tumezikwa."

"Barua za onyo, pengine. Choo, hapana. Choo kimeziba jana?"

"Kimeziba."

"Kitaziba kesho?"

"Hata Krismasi."

"Basi kosa linazaliwa upya kila asubuhi. Kesho unaanza upya na Munyoki, hatua ya kwanza. Na safari hii uwe kama mdai wa kodi ya nyumba."

Lakini kesho hiyo ilikuwa na mambo yake. Saa nne asubuhi Khavere alivuka barabara, na aliporudi barua ya tatu ilikuwa mezani kwake, pamoja na ya kumfukuza. Haikumpa hata nafasi ya kumalizia trei yake. Alikunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya mashine, akaketi chini kwenye sanduku la kadibodi.

Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Nduta alipanda juu ya meza.

"Tunatoka! Wote! Acha nzi wafunge peremende zao wenyewe!"

Wanawake walikuwa wameshavua kofia. Mbeti alitazama juu, kwenye dirisha la ofisi lenye pazia, na akamwona Kabiru amesimama pale na kikombe cha chai. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na sura ya mtu anayengoja basi ambalo analijua linakuja.

"Shuka mezani, Nduta," Mbeti alisema.

"Susu, umenunuliwa?"

"Ningenunuliwa ningekuwa na viatu hivi? Mtazame yule dirishani. Yule anatuombea tutoke. Mgomo bila notisi ya siku ishirini na moja kwa Waziri wa Kazi ni haramu, Njogu amenitwanga hilo kichwani mpaka limeota. Tukitoka leo, kesho hapa langoni kuna wanawake hamsini wengine wanaosubiri kuziba pua. Hapo Mama Dishon atarudishwa na nani?"

"Kwa hivyo tunakaa tu kama magunia?"

"Tunafunga peremende. Nami nakwenda kuandika."

Nduta alishuka, akatema mate upande wa ofisi. Mashine zikaanza tena. Pazia la juu likafungwa.

Jioni ile, juu ya duka la viatu, Njogu aliandika na Mbeti akashika karatasi ya kaboni isiteleze. Lalamiko la kufukuzwa halianzii kwa msimamizi, kwa kuwa msimamizi hana uwezo wa kumrudisha mtu. Mkataba wao uliruhusu lianzie hatua ya pili, kwa Kabiru. Khavere alikaa kwenye benchi, mkono juu ya tumbo.

"Tukimaliza ngazi zote," alisema, "ndipo tunakwenda kwa Waziri?"

"Hapo ndipo watu wengi hufia," Njogu alisema. "Wizara itatuuliza kama tumemaliza ngazi za nyumbani, kwa hivyo lazima tuzipande. Lakini siku za Waziri ni ishirini na nane, na zinahesabiwa tangu leo ulipofukuzwa. Hazingojei Kabiru ajibu. Yeye anajua. Atanyamaza, atasafiri, ataumwa na jino, mpaka ziishe. Waziri anaweza kukubali iliyochelewa, akipenda. Mimi sipendi kuishi kwa akipenda."

Asubuhi Mbeti akaipeleka barua. Karani wa Kabiru, msichana wa kucha nyekundu, alisema ameagizwa asipokee kitu chochote cha chama. Bosi yuko Mombasa. Koti la bosi lilikuwa linaning'inia kwenye kiti, na kutoka chumba cha ndani kikohozi chake kilisikika.

"Mwambie Mombasa kuna baridi, anywe tangawizi," Mbeti alisema.

Hakuacha barua mezani ikapotee. Saa ya chakula alitembea mpaka posta, akaituma kwa rejista, ile ambayo anayepokea hutia sahihi. Siku tano za kazi zikapita. Hakuna jibu. Hakumuuliza mtu kama anafikiria. Siku hiyohiyo ya mwisho, mashine zilipozimwa jioni, alimpelekea Njogu habari, na Njogu akapanda hatua ya tatu: barua kwa wakubwa wa kampuni kuomba mkutano, nayo kwa rejista. Walikuwa na siku saba. Njogu alipiga simu. Bwana Kabiru yuko mkutanoni. Alipiga tena, mkutano bado unaendelea. "Mkutano huu utamaliza vita vya dunia," Njogu alisema, akaweka simu.

Siku saba zilipoisha, Njogu hakungoja hata kikombe cha chai kipoe. Makao makuu ya chama yaliwajaribu waajiri mara ya mwisho kupitia shirikisho lao, ambalo nalo halikupata kitu kwa Kabiru. Na zikiwa zimebaki siku chache katika zile ishirini na nane, katibu mkuu akatia sahihi taarifa ya mzozo kwa Waziri wa Kazi, nakala kwa kampuni.

Mbeti hakuwa na raha siku hizo. Alimpitia Khavere kila jioni nyumbani kwake Mbotela. Mtoto wa mwisho alikuwa amepunguziwa maziwa, kisha maziwa yakaisha kabisa. Baba Dishon aliacha kusimama mlangoni watu wakipita. Kiwandani, Mbeti alianzisha lalamiko jipya la choo, na safari hii Munyoki alijibu ndani ya siku mbili, kwa maneno matatu: Sina uwezo huo. Lilikuwa sasa liko kwa Njogu, likipanda, na choo kilikuwa kilekile. Harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye nywele. Alipokuwa kanisani Jumapili, watoto waliketi benchi la nyuma yake wakazibana pua.

Mwezi wa saba, katikati ya baridi, wizara ikaukubali mzozo na kumteua mpatanishi: afisa wa leba aitwaye Abdiqadir. Aliwaita wote ofisini kwake. Upande mmoja wa meza walikaa Kabiru na Munyoki. Upande wa pili Njogu, Mbeti, Nduta kama shahidi, na Khavere, ambaye sasa alikaa mbali na meza kwa sababu tumbo lilihitaji nafasi yake. Abdiqadir alikuwa kijana mrefu, mwenye macho ya usingizi na sauti ya chini. Alimwomba kila upande useme.

Njogu alisema. Choo, barua za onyo, kufukuzwa, hatua ya pili kimya, hatua ya tatu kimya. Wanaomba Khavere arudishwe kazini bila kupoteza chochote.

Kabiru alikohoa kidogo, kile kikohozi cha Mombasa.

"Bwana afisa, kampuni inasikitika. Hawa wenzetu waliruka ngazi. Lalamiko la kufukuzwa halikunifikia kamwe. Tungeomba lirudishwe tulishughulikie nyumbani, kwa utaratibu."

Mbeti alimtazama Khavere. Akirudishwa nyuma leo, atajifungulia kwenye ngazi.

Njogu alisukuma mezani kijikaratasi cha posta, na kingine kilichorudi na sahihi. "Hii ni sahihi ya nani?"

Abdiqadir alikitazama, akakigeuza upande wa Kabiru.

"Ah," Kabiru alisema. "Hiyo. Nilidhani mnasema nyingine. Hiyo nilipata."

"Ulijibu?"

"Kwa maandishi, hapana." Alijiegemeza, akaunganisha vidole. Mtu angesema amefurahi kuulizwa. "Unajua, bwana afisa, sisi ni Waafrika. Si kila kitu ni karatasi. Nilifanya mkutano wa hatua ya pili, lakini kwa njia ya kifamilia, mlango umefungwa, mtu mmoja mmoja. Kwa hivyo hatua hiyo ilitekelezwa ndani ya siku zake, na ikamalizika kwa makubaliano. Ndiyo maana sikuona haja ya mambo ya chama."

Nduta alifungua mdomo. Mbeti akamkanyaga mguu.

"Ulikutana na nani?" Abdiqadir aliuliza, akifungua kalamu.

"Kwanza na mwenye kesi, Khavere. Ilikuwa Jumatatu. Nilimkalisha, nikampa chai. Alikubali makosa yake, akalia kidogo, akasema haoni sababu ya kuendelea."

Khavere aliinua uso. Midomo yake ilikuwa imefungwa kama mlango wa stoo.

"Halafu?"

"Halafu Jumanne nikamwita yule mwingine, aliyeanzisha maneno ya choo. Huyu Mama Dishon." Kabiru alitikisa kichwa kama anayekumbuka kazi ngumu. "Huyo alikuwa na kichwa kigumu kuliko Khavere, sikufichi. Lakini tulizungumza vizuri. Mwishowe hata yeye mwenyewe alisema Khavere alistahili kufukuzwa."

Munyoki, aliyekuwa amepanga kalamu zake tatu mezani, alizirudisha mfukoni moja moja, kisha akaitazama dari, na safari hii alionekana kweli kuna kitu anakitafuta huko. Nduta alijiziba mdomo kwa leso. Njogu alikuwa ameinama juu ya karatasi, mabega yakimcheza.

Abdiqadir aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari. "Jumatatu Khavere," alisema. "Jumanne Mama Dishon."

"Ndiyo."

"Una hakika na siku hizo?"

"Kabisa. Nawaona hata sasa. Khavere ni mnyenyekevu, yule mwingine ni mtu wa kelele. Watu wawili tofauti kabisa."

"Khavere yuko hapa leo?" Abdiqadir aliuliza, sauti ileile ya chini.

Khavere akainua mkono.

"Na Mama Dishon?"

Khavere aliushusha mkono ule, akaupumzisha kidogo juu ya tumbo, kisha akauinua tena.

Kabiru aliutazama mkono. Akamtazama Munyoki, ambaye bado alikuwa darini. Akajaribu kutabasamu, na tabasamu likaishia upande mmoja wa mdomo.

"Bwana afisa," alisema, "ile Jumanne hakuwa amevaa hivi."